Kicheko kinachelewa kidogo: juu ya kuanguka, na juu ya kukueleza

Fanyeni uchunguzi mdogo. Siku ya mvua, moto inateleza kwenye barabara ya udongo, dereva anaanguka pembeni. Muangalie watu wa pale, si dereva. Kwanza kuna kimya. Mama wa maandazi ameshika mdomo, vijana wa kona wamesimama. Dereva anaamka, anajipanguza magoti, anaanza kutafuta kandambili yake moja iliyoruka. Hapo njo kicheko kinatoka, na kinatoka kwa watu wote kwa mara moja.

Kile kimya cha mwanzo ndicho ninataka kukizungumzia, kwa sababu vitabu tulivyosoma vinakipita mbio.

Wengi wetu tulikutana na Henri Bergson darasani. Katika kitabu chake juu ya kicheko, cha mwaka 1900, anatoa mfano wa mtu anayekimbia barabarani, anajikwaa, anaanguka, na wapita njia wanacheka. Anasema hawangecheka kama mtu yule angeamua mwenyewe kukaa chini. Wanacheka kwa sababu alipashwa kubadili mwendo, lakini mwili wake uliendelea tu sawa mashine. Hiyo ni kweli, na ni maelezo mazuri ya kuanguka. Lakini Bergson anaongeza kwamba ili ucheke, moyo wako unapashwa kuwa kama umepigwa ganzi kwa muda. Hapo simfuati. Yule mama wa maandazi hakuwa na ganzi. Aliogopa kwanza. Alicheka kwa sababu dereva mwenyewe alimpa ruhusa, pale alipojishughulisha na kandambili kuliko na mguu wake. Aristotle alikwisha kusema zamani sana kwamba kichekesho ni kosa ao ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Mimi naongeza jambo moja tu: huyu anayeanguka anapashwa kutuonyesha kwamba hakuna maumivu, na mpaka atakapoonyesha, tunangojea.

Waigizaji wa filamu za bila sauti walijua kazi hii vizuri sana. Chukueni Buster Keaton katika filamu Sherlock Jr., ya mwaka 1924. Anakimbia juu ya mabehewa ya treni ya mizigo. Treni inaenda mbele, yeye anakimbia kurudi nyuma, kwa hiyo ni kama anabaki palepale. Behewa la mwisho linaisha. Anashika kamba ya bomba la tangi kubwa la maji lililo kando ya reli, lile la kujazia treni. Uzito wake unashusha bomba, na maji yote yanamwagika juu yake na kumtupa chini kwenye reli. Anaamka, anakimbia, anapotea. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alijifunza jambo hilo akiwa mtoto jukwaani na wazazi wake, wakati baba alikuwa anamrusha huku na huku: akicheka yeye, watu hawacheki sana, akinyamaza, wanakufa na kicheko.

Sasa, sikieni. Siku ile ya maji, shingo ya Keaton ilipiga reli na mfupa ukavunjika. Aliumwa kichwa, lakini akaendelea na kazi, na mfupa ule ulikuja kuonekana kwenye picha ya daktari miaka mingi nyuma. Kwa hiyo ile tunayoiita “kuanguka bila madhara” ilikuwa na madhara makubwa. Watu walicheka kwa haki hata hivyo, sababu alama zote walizopewa zilisema mzima: miguu ilisimama, mbio zikaendelea, uso ukatulia. Kicheko kinasoma alama, hakisomi mifupa.

Njo maana zile video za telefone tunazotumiana, zinazokatwa palepale mtu anapogusa ardhi, zinanisumbua. Aliyekata ametoa sekunde ambayo ndani yake tungejua kama tucheke ao tukimbilie kusaidia. Ameweka sauti ya kicheko mahali pake, na sisi tunaitii.

Kueleza kwa maneno ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu msomaji haoni mwili. Kila mtu ameshasikia masimulizi ya namna hii: “Jana kwenye sherehe tulicheka sana! Mtu wa protokoli aliteleza vibaya, akaanguka mbele ya watu wote. Wee, ulipashwa kuwa pale.” Hakuna anayecheka. Kicheko kimetangazwa mbele, kisha “vibaya” imetutia wasiwasi na hakuna kitu kilichokuja kuuondoa. Nijaribu kisa hichohicho kwa njia nyingine:

Jukwaa lilikuwa la mbao, urefu wa magoti. Mtu wa protokoli alishika mikrofoni kwa vidole viwili, akanyoosha koti lake jipya, akasema: “Mabibi na mabwana, tusimame kwa heshima.” Sali nzima ikasimama. Yeye akarudi hatua moja nyuma, pale mbao zilipoishia. Puu! Kilichobaki juu ni mkono na mikrofoni. Halafu sauti ikatoka chini, taratibu kabisa: “Mnaweza kukaa.”

Angalieni mahali urefu wa jukwaa ulipowekwa. Uko mwanzoni, wakati msomaji hajui bado utamfaa nini. Ningeuweka baada ya “Puu”, ningekuwa natoa maelezo ya kumtuliza, na kicheko kingekufa mikononi mwangu. Mubadilishe magoti kuwa mita tatu, bila kugusa neno lingine: kisa kinakuwa cha hospitali. Muondoe ile sauti ya mwisho, na msomaji anabaki kwenye kimya cha mama wa maandazi, hajui afanye nini. Sauti ile njo kandambili ya dereva, njo mbio za Keaton. Na inachekesha zaidi sababu yule baba, hata akiwa chini, hajaacha protokoli yake. Bergson angefurahi: mashine inaendelea.

Kuna pia jambo la Kiswahili chenyewe. Tuna ile “-ka-” ya masimulizi, na inatudanganya. Akateleza, akapepesuka, akajishika, akaanguka, akaamka: kila tendo linapata uzito uleule, kama hatua za askari, na kuanguka kunapotea katikati ya wenzake. Inafaa sana kwa kujenga utaratibu, heshima, mambo yanayoenda sawa. Lakini pale utaratibu unapokatika, mnyororo wa vitendo nao unapashwa kukatika, na lugha yetu ina kifaa cha kazi hiyo: pu, chubwi, tifu. Neno kama hilo halina nafsi wala wakati. Hakuna mtu ndani yake, kuna mwili na ardhi tu, ao mwili na maji, ao mwili na mchanga. Wengine wanaona aibu kuyaandika, eti ni maneno ya watoto. Mimi ningewaomba waniandikie mtu anaingia mtoni na koti lake bila “chubwi”, tuone. Lakini moja inatosha. Ukiweka tatu kwenye ukurasa mmoja, msomaji anaanza kusikia wewe, haoni tena mtu aliyeanguka.

Ile sehemu ya Keaton nimewaeleza rafiki mara nyingi, na bado ninacheka nikiiangalia, hata kama jicho langu sasa linaenda kwenye reli. Nikiisimulia, ninaanza na treni, ninafika kwenye kamba, maji, kisha anaamka anakimbia. Shingo naitaja wakiisha kucheka. Nikiitaja mbele, wananiambia tu pole.