“Umerudi Lakini Siyo Kwetu”: Jina la Grupu Kama Maandishi Mafupi

Tuko ndugu wanne, na grupu letu la WhatsApp limebadilishwa jina mara nyingi tangu 2015. Kila jina likibadilishwa, mstari mdogo hubaki katikati ya maongezi ukisema nani kabadilisha na kaweka nini. Juzi nilikuwa natafuta picha ya zamani, nikawa napandisha juu, juu zaidi, na ile mistari ikaanza kusomeka kama kitabu kimoja chembamba. Majina mengine yalinichekesha peke yangu sebuleni. Mengine nilitamani nisingeyaona.

Nimejiuliza tofauti iko wapi. Tumezoea kuhakiki riwaya za kurasa mia tatu, lakini maneno manne yanayotakiwa kuchekesha watu walewale kwa miaka kumi nayo ni kazi ya lugha, na nyingi ya kazi hizo hufeli.

Jina la kwanza la maana lilikuwa “Hapa Kula Tu”. Mwaka ule wa uchaguzi kaulimbiu ya “Hapa Kazi Tu” ilikuwa kila mahali, na sisi tukaigeuza kama walivyoigeuza maelfu ya Watanzania wengine. Tulicheka labda mwezi mmoja. Kasoro yake ni kwamba utani haukuwa wetu, tuliuazima mtaani, na mtaa ulipohamia kwenye utani mwingine sisi tukabaki na kopo tupu. Halafu Machi 2021 Rais Magufuli akafariki, na ukilisoma jina lile leo unakumbuka msiba kabla hujakumbuka kicheko. Utani unaoegemea tangazo, wimbo au siasa hauna namna ya kujilinda: nusu ya maana yake iko mikononi mwa watu wengine.

Jina lililofuata lilikuwa letu kabisa, na hilo ndilo baya kuliko yote. “Kibonge na Wenzake.” Kibonge ni kaka yetu, na mwenyewe alicheka, tena ndiye aliyeongeza vile vikatuni vitatu vya kulia kwa kicheko. (Jina linalojichekea lenyewe lina mashaka, lakini tuliache.) Miaka miwili baadaye kaka akagunduliwa ana kisukari. Akaanza kukonda, na si kule kukonda kunakopongezwa. Jina likabaki palepale. Kila asubuhi anatuandikia vipimo vyake chini ya neno Kibonge, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha, kwa sababu kulibadilisha kungekuwa kumwambia tumeona. Hatimaye alilifuta mwenyewe, usiku, bila neno. Kwenye maongezi kuna ule mstari tu.

Kosa letu halikuwa kumtania. Utani wa ndugu usiokwaruza ni uji usio na sukari. Kosa lilikuwa kuuning'iniza utani kwenye kitu kinachobadilika: mwili, mchumba, kazi, gari. Kitu kikibadilika, jina haliwi la zamani tu, linageuka kuwa tusi.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho akaweka “Umerudi Lakini Siyo Kwetu”, na tangu hapo hakuna aliyeligusa.

Chanzo chake ni jioni moja ya utotoni Morogoro. Umeme ulikatika tukiwa mezani. Baada ya muda tukasikia watoto wa mtaa wanashangilia, Mama akamtuma huyu wa mwisho, ana miaka mitano hivi, akachungulie nje. Nyumba za ng'ambo ya barabara zilikuwa fezi nyingine na sisi, kwa hiyo kwao taa zilikuwa zinawaka. Mtoto akarudi taratibu, akasimama mlangoni gizani, akatoa taarifa kama mtangazaji wa habari za saa mbili: “Mama, umeme umerudi, lakini siyo kwetu.”

Angalia anayechekwa hapa ni nani. Mtoto hajakosea kitu. Hajatamka vibaya, hajaanguka, hajajikojolea. Amesema ukweli mtupu, kwa mpangilio mzuri, na kilichotuangusha ni ile heshima aliyoipa habari mbaya. Ndiyo maana leo, mtu mzima mwenye ndevu, hana sababu ya kuona haya. Ndiyo maana pia jina limebeba maneno yenyewe, siyo maelezo kuhusu maneno. Tungeandika “Siku ya Umeme” tungekuwa na kumbukumbu, lakini kicheko kingekufa.

Kuna bahati nyingine, na hii naipenda zaidi. Wakati ule jina la grupu lilikuwa na kikomo cha herufi 25, nafasi zikihesabiwa. Sentensi nzima haikuingia. Mdogo wangu akakata neno la kwanza, na kilichobaki, hesabu mwenyewe, ni 25 kamili. Alipoukata umeme sentensi ikafunguka, kwa kuwa ile “u” ya “umerudi” sasa haina mwenyewe. Mtandao ukipotea na kurudi kwa wengine, umerudi lakini siyo kwetu. Yule kijana aliyemwacha dada akamrudia mchumba wake wa zamani: upendo umerudi, lakini siyo kwetu. Yanga walipochukua ubingwa 2022 baada ya Simba kuushika misimu minne mfululizo, kaka, mtu wa Msimbazi kufa kupona, hakuandika kitu siku nzima. Usiku akaweka picha ya jina la grupu, basi.

Na ile “u” inaweza kuwa wewe. Ndugu yetu mmoja alipokuja likizo kutoka Maskati akapitiliza ukweni kabla hajatuona, dada alimpokea kwa simu kwa maneno hayohayo matatu na moja. Sarufi ilitupa bure kitu ambacho tusingekibuni kwa makusudi. Siku hizi kikomo cha herufi kimeongezwa, na dada aliwahi kupendekeza turudishe neno “Umeme” ili jina likamilike. Tulimkatalia watatu.

Wengi hufananisha majina haya na jina la kanga. Mimi naona yanakwenda kinyume. Jina la kanga huvaliwa ili lisomwe na yule asiyeambiwa kitu, jirani au mke mwenza, naye ajishuku. Jina la grupu husomwa tu na wale wasiohitaji kuelezwa. Shemeji akichungulia kwenye simu na kuuliza “nini kimerudi?”, ukaweza kumjibu kwa pumzi moja naye akatabasamu kidogo, jina liko salama. Ukihitaji dakika tano na kumtaja shangazi, usiliweke.

Dada mkubwa hakuwepo jioni ile, alikuwa bwenini. Lakini anaisimulia akionyesha hadi alikokaa mezani, nasi tumemwachia kiti.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Nyumba ya Morogoro tumeipangisha, kodi inagawanywa mara nne. Desemba kaka alipita pale usiku akiwa safarini, hakushuka, akapiga picha kutoka dirishani mwa gari: mtaa mzima giza, na nyumba yetu inawaka taa zote, wapangaji wamenunua jenereta. Akaituma kwenye grupu bila maelezo. Dada akajibu na kikatuni kimoja cha kucheka, akakifuta, halafu akakirudisha.