Mchanganuo wa chumba cha baridi unaofuata bamvua

Mchanganuo mzuri wa kuombea mkopo wa chumba cha baridi huanza na swali ambalo wengi huliruka: chumba hiki kitagandisha, au kitatunza kilichokwisha gandishwa? Kwa macho vyumba hivyo viwili vinafanana, vyote vina paneli nyeupe, mlango mzito na feni zinazovuma. Kimahesabu ni vitu viwili tofauti, na mwombaji asiyejua tofauti hiyo huandika bajeti ambayo kila mstari wake una risiti halali, halafu mashine ikamshinda wiki ya kwanza.

Nimekuwa nikiusoma mchanganuo mmoja ulioandikwa Kilwa Masoko kwa ajili ya mfanyabiashara wa pweza. Mwandishi wake ni mama wa makamo aliyewahi kushika hesabu za ghala la samaki, na sasa watu humwendea awaandikie maombi ya mkopo. Jina lake si la kuanika hapa. Kazi yake, hata hivyo, nimeisoma kwa heshima, kwa sababu kila tarakimu ndani yake imetoka mahali unapoweza kwenda ukaipima.

Alianza ufukweni. Pweza wa miambani hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Pwani yetu maji ya bamvua hukauka asubuhi, kwenye saa nne au saa tano, kwa hiyo wavuvi hurudi mchana, na mzigo wote humfikia mnunuzi kwa mkupuo jua likiwa kali. Siku za maji mafu karibu hakuna kitu. Mama huyo akaandika: siku 5 za kununua katika kila bamvua, bamvua 2 kwa mwezi, kilo 250 kwa siku. Kisha akapima. Pweza akishatolewa matumbo na wino, akaoshwa na kuchuja maji, kilo 100 zilibaki 85. Hivyo kilo 250 za mnunuzi ni kilo 212 hivi za kugandisha, na hizo ndizo alizompelekea fundi wa majokofu. Akamwambia asipigie hesabu pweza wa chini ya gramu 500, kwa kuwa kanuni za uvuvi haziruhusu kumnunua, na chumba kisijengwe kwa ukubwa wa mzigo ambao sheria inaukataa.

Hapo ndipo swali la kugandisha au kutunza linapopata jibu. Kumtoa pweza kwenye joto la mchana hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kumwondolea joto la takriban kilojuli 400 kwa kila kilo, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka pale maji yaliyo ndani ya nyama yanapogeuka barafu. Kwa mzigo wa siku moja ni kama kilowati-saa 24 za joto. Chumba chenyewe, cha mita 3 kwa 3, chenye paneli za milimita 100, huvuja joto la karibu kilowati 1 muda wote, kupitia kuta, mlango unaofunguliwa na feni zake. Mashine ya kutunzia ambayo muuzaji alimpendekezea mwombaji ilikuwa na nguvu ya kuondoa kilowati 1.5. Ukitoa 1 ya chumba, inabaki nusu kilowati ya kugandishia, na kwa nusu kilowati mzigo wa siku moja utachukua siku mbili. Kesho yake, bamvua ikiwa bado ipo, kilo 212 nyingine ziko mlangoni.

Anayefanya kazi na chumba cha namna hiyo hulijua tatizo kabla hajaliona kwenye hesabu. Kompresa haipumziki usiku kucha, wakati iliyochaguliwa vizuri hupata saa 6 au 8 za kutulia kwa siku. Kipimo cha mlangoni kinapanda kutoka 18 chini ya sifuri hadi 10, kisha 8. Ukimkata pweza katikati, nje ni mgumu na ndani analegea. Na wale wa juzi waliokwisha ganda wanaanza kutoa maji, yaani uzito unaouzwa unadondoka sakafuni.

Kwa hiyo mama huyo aliomba profoma ya mashine yenye nguvu ya kama kilowati 3.5 kwenye ubaridi huo, pamoja na masinia ya kumtandaza pweza apigwe na upepo pande zote. Akaongeza barafu. Pweza aliyezikwa kwenye barafu tangu ufukweni huingia chumbani akiwa karibu na nyuzi sifuri, na robo ya kazi ya mashine inakuwa imekwisha fanyika. Barafu ina bei yake, naye ameiandika. Hakukubali, lakini, kuitegemea barafu ili anunue mashine ndogo, kwa sababu siku barafu itakapokosekana mjini pweza atakuja vilevile.

Ukurasa wa umeme ndio nilioupenda zaidi. Waombaji wengi huweka tarakimu moja, ile ile kwa kila mwezi. Yeye aligawa mara mbili. Umeme wa kugandisha unafuata mzigo, na kwa mwezi wenye bamvua mbili nzuri aliukadiria uniti kama 220. Umeme wa kulinda ubaridi haufuati kitu, nao ni uniti 680. Jumla ni 900, ambazo kwa bei ya Luku aliyoitumia, shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 320,000. Mzigo ukipungua nusu, gharama ya umeme hupungua kidogo tu. Mwombaji alishangaa. “Mama, mwezi hatuna mzigo na bado umeme ni huu?” Akamjibu: “Mwanangu, ukuta hauulizi ndani kuna nini.”

Kuhusu njia ya umeme alikuwa mkali. Kompresa ya nguvu farasi 5 inapowaka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishachanganya. Mwisho wa laini, ambako umeme umekwisha nyong'onyea, mvuto huo huushusha zaidi, mota inashindwa kuanza, inapata moto na kuungua. Kwa hiyo bajeti ina fezi tatu, ina kifaa cha kukata umeme fezi moja ikipotea au nguvu ikishuka, na kina sekunde za kusubiri kabla ya kuwasha upya. Jenereta ameipangia ukubwa kwa kuangalia mvuto wa kuanza, kilovolti-ampea 15, ingawa kazi ya kawaida ingetosheka na chini ya nusu ya hizo. Dizeli ameiweka kwa saa chache za mwezi, kwa kuwa uniti moja ya jenereta, mafuta pekee, huzidi shilingi 1,000. Chumba kilichojaa pweza aliyeganda vizuri na mlango ukafungwa hustahimili kukatika umeme kwa saa kadhaa. Kilichoingizwa mzigo mbichi mchana ule hakina subira hiyo, na jenereta ni kwa ajili yake.

Vifaa vyote, sakafu, mfereji wa maji machafu na kuunganishiwa umeme vilifika shilingi milioni 38. Kisha akaja kwenye mtaji wa mzunguko, mahali ambapo miradi mingi ya namna hii hufia.

Mvuvi hulipwa taslimu pale pale. Kwa shilingi 7,000 kwa kilo, bamvua moja ya kilo 1,250 inahitaji milioni 8.75. Pweza hukaa chumbani kama wiki moja hadi gari la Dar es Salaam lijae, na mnunuzi wa huko hulipa siku 21 baada ya kupokea. Jumla ni siku 28. Bamvua haingoji siku 28, inarudi baada ya wiki mbili. Kabla fedha ya bamvua ya kwanza haijaonekana, ya pili imekwisha nunuliwa, na hiyo ni milioni 17.5 iliyo nje kwa wakati mmoja. Ongeza gharama za uendeshaji za mwezi mmoja, milioni 4.6, unapata 22. Mwombaji alikuwa ameandika 5, akiamini mauzo ya kwanza yatanunua mzigo wa pili.

Mradi mzima ukawa milioni 60. Mwombaji alikuwa na 15, benki iliombwa 45 kwa miaka 3, riba asilimia 10 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Marejesho yakigawanywa sawasawa ni kama milioni 1.45 kila mwezi. Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa faida ya mwaka kabla ya rejesho, milioni 28.4, inatosha kulipa milioni 17.4. Lakini aliitandaza faida hiyo mwezi kwa mwezi. Katika miezi 8, pweza anayenunuliwa kwa 7,000 na kuuzwa kwa 12,000 akiwa safi anaacha milioni 3.4 baada ya mishahara, usafiri, umeme na akiba ya matengenezo. Katika miezi 4 ya kusi, Juni hadi Septemba, alipokadiria mzigo kushuka nusu kwa sababu wazamiaji hawatoki, kinabaki laki 3 tu.

Sasa mtu atalipaje milioni 1.45 kwa laki 3? Atachota kwenye fedha ya kununulia. Kwa miezi 4 atakuwa amechota milioni 4.6, na Oktoba pweza anaporudi kwa wingi, yeye hawezi kununua zaidi ya nusu ya bamvua ya pili. Mashine nzima, soko lipo, mkopo unazama. Ndiyo maana mama huyo akapendekeza rejesho la milioni 2 katika miezi 8, na katika kusi laki 3 na nusu hivi, kiasi cha kulipia riba. Jumla ya mwaka inabaki karibu ile ile. Aliambatanisha daftari la manunuzi la mwombaji la misimu iliyopita, ili afisa mikopo aone kwamba kusi hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kupewa nafuu.

Ukurasa wa mwisho unaonyesha mahali mradi unapovunjika. Ziada iliyopo juu ya rejesho ni kama milioni 11 kwa mwaka, na pweza safi atakayeuzwa ni kilo 21,250. Gawanya: shilingi 518 kwa kilo. Tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza ikibanwa kwa kiasi hicho mwaka mzima, hakuna kitakachobaki baada ya kulipa benki. Mwombaji alitaka ukurasa huo uondolewe. Yeye aliuacha, akauwekea kando barua ya mnunuzi wa Dar es Salaam inayokubali kwamba bei ya kilo itapanda pale bei ya ufukweni inapopanda. Afisa mikopo alipofika Kilwa kukagua, ndiyo karatasi aliyoiomba kwanza, kabla hajaenda kuangalia eneo la kujengea chumba.