Kidege si kindege

Muhula uliopita nilialikwa kuketi nyuma ya darasa moja la Kidato cha Pili mjini Kutus. Mwalimu aliwachezea wanafunzi 'Malaika', ule wimbo wa Fadhili William ambao Miriam Makeba, na baadaye Boney M, waliusambaza duniani. Kabla ya kuubonyeza, alimpa kila mmoja karatasi yenye maneno yote. Hapo somo la kusikiliza likaishia: macho yalisoma, masikio yakapumzika.

Nilimwomba azikusanye karatasi, aucheze upya, na wanafunzi waandike jina la pili ambalo mpenzi anaitwa, mbali na malaika. Zaidi ya nusu waliandika 'kindege'.

Si uzembe huo. Katika Kikuyu, d haisimami peke yake. Huandamana na n, kama katika 'ndirica'. Basi sikio lililolelewa Kirinyaga likikutana na d tupu, hujiongezea n. Ndiyo maana dada huwa 'ndada'. Mwalimu alitaka kupiga mkasi na kusonga mbele, nami nikamzuia. Ndege akidunishwa, ki- huja na ile n huondoka: ndege, kidege. Vivyo hivyo mbuzi huwa kibuzi na ngoma huwa kigoma. Kwa kosa moja la sikio, ukapata kipindi kizima cha hali ya udogo.

Lakini kuna mahali sikio zuri halitoshi. Neno 'hukuwaza' walilisikia sawasawa, wakagawanyika juu ya maana. Msichana mmoja alishikilia ni lawama, ati wewe hukufikiri. Kisarufi hana kosa: hu- yaweza kuwa kikanushi cha nafsi ya pili, na -ku- ya wakati uliopita. Ila hu- pia ni ya mazoea, na -ku- ikawa 'wewe': nakuwaza kila mara. Herufi ni zilezile. Kinachoamua ni wimbo wenyewe, wa mtu anayependa lakini hana mali ya kuoa. Mtu huyo halaumu, anatamani. Hili karatasi haiwezi kukuonyesha, na nyingi ninazoziona zimenakiliwa mtandaoni na mtu aliyesikia vibaya vilevile.

Vijana waliomba 'Manzi wa Nairobi' wa Nonini. Wenzangu wengi wangekataa. Mimi sioni sababu. Manzi hufuata upatanisho wa A-WA bila taabu, kwa hivyo sarufi yake ni ya Kiswahili hata kama neno ni la mtaani. Tuliliandika ubaoni katika safu mbili: manzi upande wa steji, msichana upande wa insha. Mvulana mmoja akauliza mamake aseme lipi. Darasa likacheka, kisha likajibu kwa pamoja kwamba mama hawezi kusema manzi. Bila mimi kutamka neno 'rejista', walikuwa wameshaieleza.

Yule msichana wa lawama bado hajakubali. Alinifuata hadi langoni akidai kwamba anayependa pia hulaumu.