0.35 na 0.4: swali linalowaficha wasiojua

Mizani nyingi za umeme za dukani huonesha tarakimu tatu baada ya nukta, zihitajike zisihitajike. Fungu la dagaa likiwekwa juu yake litasomeka 0.350, na fungu la pili litasomeka 0.400. Mtoto wa Tibirinzi aliyetumwa dukani hapo Chake Chake haulizi mara mbili lipi ni zito. Ikiwa kilo ni shilingi 10,000, fungu la kwanza ni 3,500 na la pili ni 4,000, na chenji haidanganyi. Usiku mtoto huyohuyo anafungua daftari la hesabu, anakuta 0.35 na 0.4 zimeandikwa bila sifuri za mwisho, na anazungushia duara 0.35. Ndiyo ndefu zaidi, basi ndiyo kubwa zaidi.

Wala hakuwa mzembe. Alichokiona baada ya nukta ni 35 upande mmoja na 4 upande wa pili, akatumia kanuni ambayo haijamwangusha tangu aanze skuli: namba yenye tarakimu nyingi huishinda yenye chache. Katika namba nzima kanuni hiyo haikosei kamwe. 120 inaishinda 99, na hakuna namba ya tarakimu mbili itakayowahi kuifikia ya tarakimu tatu. Akizoea pia kusoma "sifuri nukta thelathini na tano", sikio lake linamthibitishia kwamba hapo pana thelathini na tano inayoshindana na nne. Ndiyo maana wasomaji makini husema "nukta tatu tano", kila tarakimu peke yake.

Kilichobadilika ni upande ambako kuhesabu kunaanzia. Katika namba nzima tunapanga nafasi kutoka kulia, kwenye mamoja, na kila tarakimu inayoongezwa kushoto hufungua nafasi kubwa kuliko zote zilizotangulia. Baada ya nukta, nafasi ya kwanza ndiyo kubwa, na kila inayofuata ni sehemu moja ya kumi ya iliyo kushoto kwake. 0.35 ni sehemu tatu za kumi na sehemu tano za mia. 0.4 ni sehemu nne za kumi, basi. Ushindani unaamuliwa kwenye nafasi ya kwanza, tatu dhidi ya nne, na mkia wa 0.35 hauwezi kugeuza matokeo. Hauwezi kwa sababu mkia wote, hata ujazwe tisa tupu, hauvuki sehemu moja ya kumi. 0.39 inapungukiwa na 0.4 kwa sehemu moja ya mia, 0.399 kwa sehemu moja ya elfu; 0.399999 kwa sehemu moja ya milioni. Tisa zisizokoma kabisa zinafika sawasawa na 0.4, lakini kuipita, kamwe.

Hapa maandishi yetu yana lawama kidogo. Abul-Hasan al-Uqlidisi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu mjini Damascus mwaka 341 Hijria, yaani 952 hadi 953 Miladia, aliweka alama juu ya tarakimu ya mamoja tu, na msomaji akahesabu nafasi mwenyewe kuanzia hapo. Nukta yetu hufanya vivyo hivyo. Simon Stevin, mzaliwa wa Flandria aliyechapisha kijitabu chake cha desimali mwaka 1585, alifanya jambo zito zaidi kuandika: kila tarakimu aliipa namba ya nafasi yake ndani ya duara. Kwa mtindo wake 0.35 ingekuwa 0⓪3①5② na 0.4 ingekuwa 0⓪4①. Ni maandishi ya kuchosha, na si ajabu yalitupwa, lakini mtoto akiyaona hawezi kusema "thelathini na tano" hata akitaka. Tatu ina jina lake, tano ina jina lake. Nukta imetupa wepesi wa kuandika na ikamwachia msomaji kazi ya kukumbuka majina hayo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo walimu wengi hulipita. Swali la 0.35 na 0.4 linapendwa sana kwa sababu linamkamata mwenye kanuni ya "ndefu ni kubwa". Anayelijibu sawa hupewa alama ya vema na kuachwa aende. Lakini mwaka 1985 Catherine Sackur-Grisvard na François Léonard, waliochunguza wanafunzi wa Ufaransa, walieleza kwamba watoto wanaokosea hawana kosa la aina moja. Wapo wanaofuata kinyume hasa cha kanuni hiyo: fupi ndiyo kubwa. Mtoto huyu amesikia kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, ambalo ni kweli, akahitimisha kwamba chochote chenye sehemu za mia ni kidogo kuliko chochote kinachoishia kwenye sehemu za kumi. Ukimpa 0.35 na 0.4 atachagua 0.4. Jibu sahihi, sababu mbovu.

Zoezi la kupanga namba linaweza kumficha vizuri zaidi. Mwalimu akiandika ubaoni 0.4, 0.278 na 0.35, aseme zipangwe kuanzia ndogo hadi kubwa, mwenye "ndefu ni kubwa" ataandika 0.4, 0.35, 0.278, na kosa lake litaonekana mara moja. Mwenye "fupi ni kubwa" ataandika 0.278, 0.35, 0.4. Huo ndio mpangilio sahihi. Anapata alama zote bila kulinganisha hata nafasi moja, na kwa maoni yangu zoezi la namna hiyo ni baya kuliko kutotoa zoezi, kwa kuwa linamthibitishia mtoto kanuni isiyo kweli.

Dawa ni kuchagua jozi ambazo kanuni hizo mbili zinagombana. Baada ya 0.35 na 0.4, weka 0.62 na 0.5. Safari hii ndefu ndiyo kubwa kweli, na mwenye "fupi ni kubwa" ataanguka. Tuseme mwanafunzi wa darasa la tano amekosa jozi ya kwanza na kupata ya pili: huyo anasoma namba nzima baada ya nukta. Mwingine amepata ya kwanza, amekosa ya pili: huyo anafuata ufupi. Jumla yao ni sawa, kila mmoja kapata moja kati ya mbili, na ukiandika "1/2" kwenye daftari zote mbili umefuta habari yote uliyoitafuta. Ndiyo sababu Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliojenga mtihani wa kulinganisha desimali kwa njia hii, husoma ruwaza ya majibu badala ya jumla.

Jozi ya tatu inayostahili nafasi ni 0.05 na 0.5. Si ya kubuni tu. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05, na chanjo nyingine nyingi za watoto ni mililita 0.5, mara kumi yake. Mwenye kusoma namba nzima anaona 05 na 5, na anaweza kukuambia zote ni tano, kwa hiyo ziko sawa. Mwingine anayefuata kanuni hiyohiyo atakuwa ameshajifunza kwamba sifuri karibu na nukta hupunguza, basi atajibu vizuri hapa huku akiendelea kukosa 0.35 na 0.4. Ameongeza kiraka kwenye kanuni mbovu. Kosa lake linazidi kuwa gumu kulitambua kadiri anavyozidi kupata.

Njia inayofundishwa zaidi kumtibu ni kuongeza sifuri: geuza 0.4 iwe 0.40, kisha linganisha 35 na 40. Inafanya kazi, na ni halali, maana sehemu nne za kumi ndizo sehemu arubaini za mia. Ndivyo mizani ya dukani inavyofanya. Udhaifu wake ni kwamba mtoto anaweza kuitekeleza huku akiendelea kuamini namba nzima. Amepewa tu njia ya kuzifanya ziwe na urefu mmoja. Wiki kadhaa baadaye akisahau hatua ya sifuri, anarudi alikotoka. Tena desimali nyingi anazokutana nazo nje ya darasa zimeshasawazishwa, kwa hiyo maisha hayamkumbushi.

Kinachoshika zaidi ni kitu chenye urefu. Chukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya, kata kipande cha mita moja kiwe "moja", vipande kadhaa vya sentimita kumi viwe sehemu za kumi, na vya sentimita moja viwe sehemu za mia. Kisha usitaje tena sentimita, la sivyo mtoto ataruka moja kwa moja kwenye 35 na 40 na kurudi kwenye namba nzima kwa mlango wa nyuma. Mwambie ajenge 0.35 kwa vipande vitatu virefu na vitano vifupi, halafu ajenge 0.4 sambamba nayo, vipande vinne virefu. Safu ya kwanza ina vipande vinane na ya pili ina vinne, lakini ya pili ndiyo inayofika mbali. Kisha muulize anahitaji vifupi vingapi kuifikia. Akiongeza vitano vya ziada atagundua kwamba amejaza nafasi ya kipande kirefu kimoja, na hapo ndipo ile hoja ya mkia usioweza kuvuka inapoingia mkononi.

Nukta yenyewe nayo huchanganya kwa sababu si kila mara ni ya desimali. Saa 4.30 ni saa nne na nusu, ilhali kazi iliyochukua saa 4.5 nayo ni saa nne na nusu. Katika 4.30, hiyo 30 ni dakika kati ya sitini. Kipengele cha 3.10 kwenye kitabu huja baada ya 3.9, kwani hizo ni namba mbili nzima zilizotenganishwa kwa nukta. Mwanafunzi anayeleta mifano hiyo kumpinga mwalimu anastahili jibu, si kunyamazishwa.

Ili kujua kama mtoto ameelewa au amekariri, kuna swali lisilohitaji kulinganisha kabisa: kati ya 0.35 na 0.4 kuna namba ngapi? Aliyekariri hatua ya sifuri atahesabu 0.36, 0.37, 0.38, 0.39 na kusema nne. Mwenye kusoma namba nzima huenda akahesabu kuanzia 35 kurudi hadi 4, au akashangaa kwa nini umezipanga kinyume. Aliyeelewa ataandika 0.351 bila kuombwa, kisha 0.3501, kisha ataangalia karatasi na kuuliza aishie wapi.