Barua ya fomani: msome kabla hujampa saiti

Barua ya fomani anayeomba kazi naianzia katikati, pale anapotaja ajali. Wengi huandika, "Sijawahi kupata ajali saiti," na hapo hapo naijua barua hiyo haijanipa kitu. Aliyesimamia vibarua 6 kwa miezi 2 akijenga choo cha shule hakukutana na hatari nyingi. Sifuri yake ni ya kweli, ila haipimi lolote. Kinachopima ni saa: watu wangapi, kwa muda gani, kisha wangapi waliumia.

Chukua barua niliyoitunga kwa mfano, ya fomani wa bwawa la mchanga katika kijito kinachoingia Mto Tiva, Kitui. Anaandika kwamba alikuwa na waashi 6 na vibarua 12, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 23. Hizo ni saa 19,872. Kisha anaongeza wanamwethya 25 waliokuja siku 2 kwa wiki, saa 5 kila siku: saa 5,750 nyingine. Mwashi 1 aliumia mguu, jiwe lilipoteleza ukingoni mwa handaki, akakaa nyumbani siku 5.

Huyu ananivutia, na sababu yangu ya kwanza ni mwethya. Ukambani, mawe ya bwawa na mchanga wake huletwa mara nyingi na kikundi cha kijiji, akina mama wengi wao, ambao hawalipwi mshahara wala hawamo katika orodha ya malipo. Fomani asiyewahesabu huwaona kama mzigo wa mawe uliojileta wenyewe. Anayewahesabu amewaona kama watu wanaoweza kuangukiwa. Usimamizi wao pia una ugumu wake: huwezi kumfukuza mtu aliyejitolea, na asubuhi ya kupalilia shamba hatakuja. Kwa hiyo barua ikisema tu "nilisimamia watu 43", natafuta mstari unaofuata. Nani alipasua mawe, nani alichanganya zege, na siku za mwethya kazi gani ilipangwa ili waashi wasisimame bure wakisubiri mawe?

Sababu ya pili ni yale anayoyaeleza baada ya jeraha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mwajiri amwarifu afisa wa usalama kwa maandishi, ndani ya siku 7, mfanyakazi akiumia kazini. Fomani wetu anasema taarifa iliandikwa, na anataja alichobadilisha: mawe hayakuteremshwa tena handakini mtu akiwa chini, na lundo likasogezwa mbali na ukingo. Sentensi hiyo ni ngumu kuibuni kwa mtu ambaye hakusimama pale. "Nazingatia usalama wakati wote" inaandikwa na yeyote.

Sasa kukamilisha. Bwawa la mchanga hujengwa mto ukiwa mkavu, na mvua ya kutegemewa zaidi huku ni ya Oktoba hadi Desemba. Kazi ilipaswa kuisha Septemba 30. Yeye alimaliza Oktoba 21, na anakiri. Upande wa kushoto mwamba ulikuwa chini kwa mita 1 kuliko ilivyodhaniwa, mhandisi akatia sahihi agizo la kuchimba zaidi, nao wakachimba. Msomaji mwenye haraka atamkata kwa wiki hizo 3. Mimi ningemwita kwa sababu yazo. Ukuta ulioachwa juu ya udongo mgumu badala ya mwamba unaweza kuisha tarehe ile ile ya mkataba, upigwe picha, usifiwe. Mvua ikija, maji hupenya chini yake, na kiangazi mchanga ulio nyuma ya ukuta huwa mkavu. Kasoro nyingine ya kawaida ni mabawa mafupi: mto hula kingo na kupita pembeni.

Ndiyo maana neno "nilikamilisha" nalitaka liende mbele ya siku ya makabidhiano, hadi mwisho wa kipindi cha kurekebisha kasoro. Nini kilirekebishwa? Fedha zilizozuiliwa zililipwa? Barua nyingi hukoma siku ya sherehe.

Kwa mhandisi, namba ya usajili hukaguliwa kwa Bodi ya Wahandisi. Kwa fomani, kitambulisho cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Hiyo ni kazi ya dakika chache, nami huifanya mwisho, kwa barua chache zilizobaki.

Halafu, kama saiti iko karibu, nenda mwezi wa Agosti. Simama chini ya ukuta. Tazama kama kuna unyevu kwenye msingi ambao haukupaswa kuwapo, pita kwenye mabawa yote mawili, kisha muulize mama anayechota maji pale kama huyo fomani alikuwa akiwafukuza handakini.