Mafuriko ya Kubuni, Mchoro wa Kweli

Mwaka 2023 Amnesty International ilirusha mitandaoni picha za maandamano ya Kolombia ya 2021, zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Nia ilieleweka: hawakutaka kuanika nyuso za waandamanaji halisi. Maandishi ya kueleza kwamba picha zimetengenezwa na kompyuta nayo yalikuwepo. Lakini zilitazamika kama kazi ya mpiga picha wa gazeti aliyekuwa katikati ya purukushani. Watu walipozikagua, wakaona rangi za bendera hazikufuata mpangilio wake na sare za polisi hazikuwa za wakati ule. Lawama zikamiminika, na shirika likaziondoa.

Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba maandishi madogo hayawezi kushindana na sura ya picha. Jicho hutangulia kusoma sura, na likishaamua kwamba hili limetokea, lebo imechelewa. Kwa hiyo kazi ya kutofautisha mchoro na habari huanzia kwenye maelekezo tunayoiandikia mashine.

Tuchukue makala inayowaeleza wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, waokoe nini kwanza maji yakianza kuingia ndani. Makala inataka picha ya familia ikihamisha vitu. Wengi wangeandika hivi:

```
family wading through flood in Dar es Salaam, realistic, 35mm, shallow depth of field, natural light
```

Hayo ni maelekezo ya kutengeneza habari ya uongo, hata kama mwandishi hana nia hiyo. Maneno "35mm" na "shallow depth of field" ni lugha ya kamera: yanaleta mandhari iliyofifia nyuma ya mtu. Neno "realistic" linasukuma upande huohuo. Jina la mji linaongeza dai kwamba tukio lina mahali pake. Na hata ukiyafuta yote hayo, "flood" peke yake bado linavuta. Mashine hizi zimejifunza kutokana na picha zilizoambatana na maelezo yake, na picha za mafuriko zilizojaa mitandaoni kwa sehemu kubwa ni za wanahabari. Ukitaja mafuriko bila kusema kitu kingine, umeagiza picha ya habari.

Dawa inayokuja haraka kichwani ni kuongeza "not a photo". Hiyo haisaidii sana, na mara nyingine inaharibu zaidi, kwa sababu mashine nyingi za picha zinashika vizuri neno lililotajwa kuliko ukanushi uliolitangulia. Ukiandika "photo", umeikumbusha picha. Makatazo yana mahali pake: Stable Diffusion ina kisanduku cha maelekezo hasi, na Midjourney ina alama ya `--no`. Hata huko yanapunguza tu uwezekano, hayafungi mlango. Kinachofanya kazi ni kusema kwa uwazi unataka kitu gani kiwepo.

Kusema "illustration" pia hakutoshi. Neno hilo ni pana mno, na mara nyingi unaletewa michoro ya kidijitali yenye mwanga wa sinema na ngozi inayong'aa, ambayo ikipunguzwa kwenye skrini ya simu inapita kama picha halisi. Ninapendelea kutaja kazi ya mkono yenye alama zake: wino gani, karatasi gani, rangi ngapi, kifaa gani kimeacha mkwaruzo. Chapa ya kuchonga kwenye linoliamu inafaa sana hapa, kwa kuwa haina vivuli laini. Mahali pana rangi au hapana. Mwanga wa kamera hauna pa kujificha.

```
linocut print, three flat colours, black, ochre and indigo, on cream paper, thick carved outlines, visible gouge marks. A two-storey house cut open to show its rooms, water on the ground floor, a family carrying a mattress and a box of papers upstairs --no photo, blur, logos, lettering --ar 4:5
```

Mtindo umetangulia mbele ya tukio, na umeelezwa kwa maneno mengi ili usimezwe na "water". Halafu nyumba imepasuliwa ubavuni, vyumba vyote vinaonekana kwa wakati mmoja. Hili ndilo ninalolithamini kuliko rangi na mistari, kwa sababu hakuna kamera inayoweza kusimama mahali ikaona hivyo. Mtu anaweza kuugeuza mchoro uwe mweusi na mweupe, akaukata kingo, akautuma mara kumi kwenye WhatsApp, nyumba bado imepasuliwa. Zaidi ya hapo, picha inafundisha: maji yako chini, godoro na sanduku la nyaraka vinapanda juu.

Jina la Dar es Salaam limeondoka. Msomaji anahitaji kujiona ndani ya mchoro, hilo ni kweli, lakini ukiongeza maelekezo ya kanga, ndoo na paa la bati anaweza kujiona kupitia hivyo, vitu visivyomfunga kwenye mtaa fulani siku fulani. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Jangwani, ambacho kweli kimewahi kujaa maji, nisingekiweka kabisa. Wala fulana ya shirika la uokoaji wala sare ya askari. Kila kimoja kinajibu maswali ya mwanahabari, nani na wapi, na mchoro wa kubuni hauna haki ya kuyajibu. Mahali patajwe kwenye makala.

Jaribio lake ni jepesi. Punguza picha hadi upana wa pikseli 200 hivi, iondoe rangi, kata ukingo, kisha mwoneshe mtu asiyeijua makala na umuulize anaona nini. Akisema "mchoro wa nyumba iliyoingiliwa na maji", imepita. Akiuliza "hii ni wapi?" au "lini?", rudi kwenye maelekezo, usikimbilie kuongeza lebo.

Lebo iwekwe hata hivyo, na mbuni wa kurasa ndiye aiandike, kwa sababu mashine hukosea herufi mara kwa mara. Neno MCHORO likae juu ya sehemu muhimu ya picha, siyo pembeni linakokatika kwa kidole. Vitambulisho vinavyofichwa ndani ya faili, kama vya mfumo wa C2PA, vinamsaidia mhariri anayekagua chanzo, lakini mtu akipiga picha ya skrini vinapotea.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo watu huisahau. Picha ikishakubaliwa, hupitishwa kwenye kifaa cha kuikuza ili itoshe kuchapwa, na baadhi ya vifaa hivyo vinabuni maelezo mapya vinapokuza: vinyweleo mkononi, mikunjo ya kitambaa, mng'ao juu ya maji. Mistari mizito ya mchongo inalainika, na uso uliokuwa na mikato minne ya patasi unapata macho ya mtu. Linganisha faili ya mwisho na ya awali zikiwa sambamba, ukianzia kwenye nyuso na uso wa maji. Ukiona ngozi, tumia njia ya kawaida ya kukuza isiyobuni kitu, au igeuze chapa hiyo kuwa mchoro wa vekta, ambao rangi zake tatu zinakuzwa kwa ukubwa wowote bila kuongezewa chochote.