Nusu shati kwenye leja

Muuza duka akifunga mlango usiku wa mwisho wa mwezi, mali yake yote iko kwenye rafu na kila kitu kina bei aliyonunulia. Kiwanda cha nguo hakifungi mwezi kirahisi hivyo. Stoo kuna majora ya kitambaa, kwenye maboksi kuna mashati yaliyokwisha kupigwa pasi, na katikati, juu ya meza za cherehani, kuna mafungu ya vipande: mikono isiyo na mwili, kola zisizo na shingo. Mhasibu anatakiwa aseme vipande hivyo vina thamani ya shilingi ngapi. Jibu lake linaweza kuibadilisha faida ya mwezi bila hata shati moja kuuzwa.

Jinsi jibu hilo linavyopatikana huonekana vizuri kwa kufuata mwezi mmoja hadi mwisho. Mfano wenyewe ni kiwanda cha kubuni kinachoshona mashati ya shule. Uwezo wake wa kawaida ni mashati 10,000 kwa mwezi, na kimeanza Machi bila kazi yoyote mezani. Namba zimerahisishwa ili zifuatike, lakini utaratibu ni ule ule unaotumika viwandani.

Mapema mwezini kiwanda kinanunua mita 15,000 za kitambaa kwa shilingi 4,000 kila mita, jumla shilingi milioni 60. Fedha hizo zimetoka benki, lakini hazijawa gharama ya mwezi. Zimebadilika sura tu na kuwa majora, nazo zinakaa kwenye akaunti ya malighafi. Zitasogea siku mkataji atakapokuja dirishani na hati ya kuombea kitambaa. Mtunza stoo anapima, anatoa, wote wawili wanatia saini, na nakala inapelekwa kwa mhasibu. Kwa Machi yote hati zinaonyesha mita 12,000 zimetoka, yaani mita 1.2 kwa kila shati. Mhasibu anaikrediti akaunti ya malighafi shilingi milioni 48 na kuidebiti akaunti inayoitwa kazi inayoendelea kiasi hicho hicho. Vifungo na nyuzi kutoka akiba ya stoo vinaongeza milioni 2. Mita 3,000 zilizobaki zinaendelea kusubiri na milioni 12 zake.

Hizo mita 1.2 zimekwisha kuhesabu vipande vidogo vinavyodondoka chini ya mkasi, kwa sababu hakuna shati linalokatwa bila mabaki. Lakini mkataji akikosea kipimo na kuharibu jora zima, kitambaa hicho hakina ruhusa ya kuingia kwenye thamani ya mashati. Kinakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya mwezi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachosimamia mali za namna hii, IAS 2, kinalitaja jambo hilo wazi: upotevu usio wa kawaida ni gharama ya kipindi kilichoupata. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa mwaka 2004, Kenya ilitangulia mwaka 1999, kwa hiyo sharti hilo si geni kwa wahasibu wa huku.

Mishahara inataka jicho kali zaidi, maana orodha ya malipo ni moja lakini fedha zake zinagawanyika njia tatu. Machi kiwanda kimelipa milioni 26. Milioni 18 ni za wakataji na mafundi cherehani, watu ambao mikono yao inagusa shati, nazo zinaingia kwenye kazi inayoendelea. Milioni 5 ni za msimamizi, fundi mitambo na mlinzi wa kiwanda. Hawa hawashoni, ila bila wao hakuna kinachoshonwa, kwa hiyo malipo yao yanajiunga na gharama za uendeshaji wa kiwanda. Milioni 3 zilizobaki ni za ofisi na wauzaji, na hizo hazipiti kiwandani kamwe. Ni gharama ya Machi, basi. Kosa linalojirudia mara nyingi liko hapa: mshahara wa muuzaji ukipenyezwa kwenye fungu la kiwanda, sehemu yake inafichwa ndani ya mashati yaliyoko kwenye boksi na faida inanenepa.

Sasa inakuja sehemu yenye utata. Msimamizi na wenzake wa milioni 5, kodi ya jengo milioni 3 na uchakavu wa mashine milioni 2 vinafikisha milioni 10, na kiasi hicho hakibadiliki mashati yakiwa elfu tano au elfu kumi. Umeme wa mashine, sindano na mafuta ya kulainishia ni milioni 4.5, na hivi vinapanda na kushuka pamoja na kazi.

Tofauti kati ya mafungu hayo mawili inaonekana ndogo ikiandikwa kwenye karatasi, lakini mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood aliitambua akiwa amebanwa. Kiwanda chake cha Etruria, huko Staffordshire, kilifunguliwa mwaka 1769. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1772, msukosuko wa mikopo ulitikisa benki za London na Scotland, wateja wakapungua na vyombo vikalundikana. Wedgwood akakaa na kupekua kila hatua ya kutengeneza vyombo, pamoja na ujira, kodi, uchakavu na ajali za tanuri. Agosti mwaka huo alimweleza mshirika wake Thomas Bentley alichokiona: sehemu kubwa ya gharama inaendelea kutembea kama saa, vyombo vikiwa vingi au vichache. Akashauri wazalishe kwa wingi na kushusha bei ili watu wa kipato cha kati nao wanunue. Upekuzi huo huo wa vitabu ulifichua pia kwamba karani wake alikuwa akiiba.

Somo la Etruria linaacha swali moja wazi: hizo milioni 10 zigawanywe kwa mashati mangapi? IAS 2 inajibu kwamba mgawanyo uzingatie uwezo wa kawaida, si chochote kilichotokea mwezi huo. Milioni 10 kwa mashati 10,000 ni shilingi 1,000 kwa shati, na kiwango hicho hakipandi kwa sababu tu mwezi ulikuwa mbaya. Mwaka 2006 na 2011, mgao wa umeme ulipoibana Tanzania, viwanda vingi vilisimama kwa saa nyingi. Kiwanda cha mfano wetu kikifanya nusu ya kazi katika hali kama hiyo, mhasibu asiye makini atagawa milioni 10 kwa mashati 5,000 na kupata shilingi 2,000. Mashati yaliyoko stoo yatapanda thamani eti kwa sababu umeme ulikatika. Ukweli ni kwamba milioni 5 zimepotea kwa kukaa bure, na mahali pake ni kwenye gharama za mwezi huo.

Turudi Machi. Mashati 10,000 yalianza safari, kwa sababu kitambaa cha yote kilikatwa. Mashati 8,000 yamekamilika na 2,000 yako mezani, msimamizi akikadiria kwamba yamefika nusu ya ushonaji. Kwa upande wa malighafi hakuna nusu: kitambaa na vifungo vimekwisha kutolewa kwa yote 10,000, hivyo milioni 50 zinatoa shilingi 5,000 kwa kila shati. Kwa upande wa kazi, mashati 2,000 yaliyofika nusu yanahesabiwa kama mashati 1,000 kamili, na ukijumlisha 8,000 unapata 9,000. Ujira wa milioni 18 unatoa shilingi 2,000 kwa shati, umeme na vifaa vidogo shilingi 500, na gharama zisizobadilika zile shilingi 1,000 za uwezo wa kawaida. Shati moja kamili linasimama kwenye shilingi 8,500.

Mashati 8,000 yanaondoka kwenye kazi inayoendelea na milioni 68 na kuhamia akaunti ya bidhaa zilizokamilika. Yale 2,000 yanabaki na milioni 10 za malighafi na milioni 3.5 za kazi, jumla milioni 13.5. Milioni 1 ya gharama zisizobadilika imekosa shati la kubebea, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mashati 9,000 na si 10,000, nayo inaandikwa kama gharama ya Machi. Kiwanda kimeuza mashati 6,500, kwa hiyo milioni 55.25 sasa, na sasa tu, zinaitwa gharama za mauzo. Mashati 1,500 yaliyoko kwenye maboksi yanakaa na milioni 12.75.

Ukitazama kwa makini, kuna milango miwili ambayo faida ya uongo inaweza kupitia, na yote iko wazi bila mtu kughushi risiti. Wa kwanza ni kushona zaidi ya soko. Kiwanda kikiuza mashati 6,500 na kushona 6,500, milioni 10 zote zisizobadilika zinaangukia mwezi huo huo: milioni 6.5 ndani ya mashati yaliyouzwa na milioni 3.5 kama uwezo uliokaa bure. Kikishona 10,000 na kuuza yale yale 6,500, milioni 3.5 zinakaa stoo pamoja na mashati yasiyo na mnunuzi. Faida inapanda kwa milioni 3.5. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida ya mwezi analijua jambo hili hata kama hajawahi kusoma uhasibu, na kanuni zenyewe hazimzuii mpaka bei ya soko, ikiondolewa gharama za kuuzia, ishuke chini ya shilingi 8,500.

Mlango wa pili ni neno la msimamizi. Chukua kwamba badala ya nusu, angesema mashati 2,000 yamekaribia mwisho kiasi cha kuhesabiwa kamili. Kazi ya mwezi inakuwa ya mashati 10,000. Ujira unashuka hadi shilingi 1,800 kwa shati na umeme hadi 450, shati linakuwa la shilingi 8,250. Gharama za mauzo zinapungua kwa shilingi milioni 1.625, na ile milioni 1 iliyokosa pa kukaa inatoweka kwenye gharama. Neno moja limezalisha faida ya milioni 2.625.

Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu haanzi na leja. Anatembea kati ya cherehani siku ya mwisho wa mwezi, anahesabu mafungu, anasoma vikaratasi vilivyobandikwa juu yake ili aone hatua ya mwisho iliyokamilika, kisha anailinganisha kazi aliyoiona na maneno ya karatasi. Kola zikiwa hazijashikizwa, hiyo si asilimia 90.

Aprili inampa kipimo kingine. Mashati 2,000 yaliyoingia na milioni 13.5 yanatakiwa kumalizika kwa milioni 3.5 zaidi ili yafike milioni 17, sawa na shilingi 8,500 kila moja. Kadi za muda za mafundi zikionyesha kwamba yamekula saa zinazotosha mashati 1,600 kamili badala ya 1,000, basi tarehe 31 Machi yalikuwa yamefika asilimia 20 tu, na hesabu za mwezi ule zinafunguliwa upya.